Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuutambua Mjakaranda na Miti Inayofanana Nao Barabarani Nairobi kwa Picha ya Gome, Majani na Tunda

Ukurasa huu unahusu miti gani hasa?

Unahusu miti ya kandokando ya barabara za Nairobi ambayo majani yake yamegawanyika mno hata yanaonekana kama manyoya. Kuanzia Septemba hadi Novemba, mjakaranda hauhitaji maelezo, kwa kuwa maua yake ya zambarau hufunika matawi na kumwagika juu ya lami. Maua yakishaisha, watu wengi huutazama mti uleule na kusema ni mkrismasi, yaani Delonix regia, au mgunga, au muwati. Tumeuchagua mkanganyiko huu mmoja kwa sababu ndio unaojitokeza mara nyingi katika picha tunazoonyeshwa, na kwa sababu unaweza kutatuliwa kwa uhakika ikiwa picha imeonyesha mambo yanayotakiwa.

Je, mti unaweza kutajwa jina bila ua?

Mara nyingi unaweza, ilimradi picha zionyeshe jinsi majani yalivyoshikamana na kitawi, umbo la tunda, na gome la shina. Dalili hizi tatu hazina uzito sawa. Mpangilio wa majani ndio unaopaswa kutangulia, kwa kuwa haubadiliki kwa umri wa mti, kwa msimu wala kwa vumbi la barabara. Tunda hufuata, nalo hutoa uhakika mkubwa likiwa bado limening'inia mtini. Gome huja mwisho, ingawa watu wengi huanza nalo kwa kuwa liko usawa wa macho na ni rahisi kulipiga picha.

Nikiangalia picha, nitajuaje jani linaanzia wapi na kuishia wapi?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na anayelikosea hulikosea kila linalofuata. Katika mjakaranda, kile kipande kidogo chenye rangi ya kijani na urefu wa sentimita moja hivi si jani kamili. Ni kijani kimoja, yaani kisehemu kidogo cha jani, miongoni mwa mamia ya vijani vinavyounda jani moja. Jani lenyewe lina uti mkuu, uti huo hutoa nyuti ndogo pande zote mbili, na juu ya hizo nyuti ndogo ndipo vijani hupangwa. Jani zima huweza kufikia urefu wa sentimita 40 hivi, kwa hiyo mtu aliyelizoea jani la mwembe au la mparachichi hudhani anatazama tawi lenye majani madogo madogo.

Njia ya kuondoa shaka ni kutafuta tumba. Kwenye kwapa la jani, yaani pale ambapo kikonyo cha jani hukutana na kitawi, huwa kuna tumba dogo ambalo baadaye linaweza kuchipua kuwa tawi au ua. Chini ya kijani hakuna tumba lolote. Basi kuza picha kwa vidole viwili, fuata uti wa jani kuelekea shinani, na usisimame mpaka ufike mahali penye tumba au penye badiliko la wazi kutoka uti mwembamba wenye rangi ya kijani kwenda kitawi kigumu chenye gome. Hapo ndipo jani linapoanzia. Ikiwa picha imekatwa kabla ya kufika hapo, hakuna namna ya kujua mpangilio wa majani kutoka kwenye picha hiyo, na ni afadhali kuomba nyingine kuliko kubahatisha.

Majani yanayokabiliana na yanayopishana yanatofautianaje, na kwa nini tofauti hiyo ina uzito mkubwa hapa?

Majani hukabiliana pale mawili yanapotoka kwenye kifundo kimoja cha kitawi, moja upande huu na jingine upande wa pili, sawasawa. Hupishana pale kila kifundo kinapotoa jani moja tu, kisha jani linalofuata likatoka juu zaidi na upande mwingine.

Majani ya mjakaranda hukabiliana. Mjakaranda umo katika jamii ya Bignoniaceae, ambayo ina pia ule mti wa maua mekundu uitwao kwa Kilatini Spathodea campanulata, pamoja na Markhamia lutea ambao Wakikuyu huuita muu na Waluo huuita siala. Majani ya miti hiyo miwili pia hukabiliana. Kwa upande mwingine, mkrismasi, muwati, mukurwe na migunga yote ni ya jamii ya mikunde, na katika jamii ya mikunde majani karibu siku zote hupishana.

Ndiyo maana dalili hii moja hufanya kazi kubwa. Ukiwa na picha ya mti wa barabarani Nairobi wenye jani lililogawanyika mara mbili mpaka likawa kama unyoya, na ukaona bila shaka kwamba majani hukabiliana, basi umekwisha kuiondoa jamii nzima ya mikunde. Katika miti ipandwayo hapa mjini, unayebaki naye ni mjakaranda.

Ni nini kinachoweza kunidanganya katika mpangilio wa majani?

Kosa la kwanza ni kutazama vijani badala ya majani. Vijani vya mkrismasi hupangwa viwili viwili vikikabiliana juu ya uti wao, na mtu asiyetafuta tumba huandika kwamba majani ya mti yanakabiliana. Akishaandika hivyo, huuita mkrismasi mjakaranda.

Kosa la pili hutokana na ncha ya kitawi. Kwenye ncha, vifundo hukaribiana sana kwa sababu kitawi bado hakijarefuka, hivyo majani yanayopishana huonekana kana kwamba yametoka mahali pamoja. Mkrismasi una tabia hii zaidi, kwa kuwa majani yake hukusanyika kuelekea mwisho wa vitawi. Tazama sehemu ya kitawi iliyo nyuma kidogo, ya sentimita 20 au 30 kutoka kwenye ncha, ambapo vifundo vimeachana.

La tatu ni jani lililodondoka. Jani moja la jozi likianguka, lililobaki huonekana peke yake na mtu husema majani yanapishana. Hapa kovu ndilo linalosaidia: jani linapoanguka huacha alama kwenye kitawi, na ukikuta kovu limekabili jani lililobaki, au makovu mawili yamekabiliana, umepata jibu lako hata kama kitawi ni kitupu.

Ikiwa nina picha ya jani moja tu lililookotwa chini, je, halina faida?

Lina faida, ingawa ni ndogo zaidi. Tazama mwisho wa kila uti mdogo. Katika mjakaranda, uti mdogo huishia kwa kijani kimoja cha ncha, ambacho kwa kawaida ni kirefu kuliko vingine na kimechongoka. Vijani vingine pia vimechongoka. Katika mkrismasi, uti mdogo huishia kwa jozi ya vijani bila kile kimoja cha katikati, na vijani vyake ni vya mviringo kwenye ncha. Mkrismasi pia huwa na uvimbe wa wazi pale kikonyo kinapoanzia, jambo ambalo ni la kawaida katika jamii ya mikunde.

Dalili ya kijani cha ncha naiamini sana. Tatizo lake ni kwamba huhitaji picha kali iliyopigwa karibu, jani likiwa limetandazwa juu ya kitu cha rangi moja, kama karatasi nyeupe au sakafu ya saruji. Picha ya jani juu ya nyasi mara nyingi haisomeki.

Tunda la mjakaranda likoje?

Ni kifuko kigumu cha mbao, bapa, chenye umbo la karibu duara na upana wa sentimita 4 hadi 6 hivi. Kikiwa kichanga huwa cha kijani, na kikikomaa hugeuka kahawia. Kikikauka hupasuka ukingoni na kuwa vipande viwili vinavyobaki vimeshikana kwenye kikonyo. Ndani mna mbegu nyembamba zenye utando mwepesi unaozizunguka, nazo huchukuliwa na upepo. Kwa picha iliyopigwa kutoka chini kuelekea angani, vifuko hivi huonekana kama madoa meusi ya duara yaliyotawanyika katika shada la matawi lililo wazi. Hata picha ya simu ya kawaida huweza kuvionyesha mti ukiwa mrefu.

Jambo moja huwasaidia watambuzi wa Nairobi kuliko wanavyodhani: vifuko vilivyopasuka hukaa mtini kwa muda mrefu sana, mara nyingi mpaka msimu mwingine wa maua. Kwa hiyo ni nadra kuukuta mjakaranda mkubwa usio na hata kifuko kimoja, na mtu anayesema mti hauna tunda mara nyingi hajatazama juu ya kutosha.

Na matunda ya miti inayofanana nao?

Tunda la mkrismasi ni ganda refu, bapa na gumu, la kahawia iliyokolea, lenye urefu wa sentimita 30 hadi 60 na upana wa sentimita 5 hivi. Huning'inia kwa miezi mingi na haliwezi kuchanganywa na kifuko cha mjakaranda na mtu aliyeyaona yote mawili.

Muwati, ambao kwa Kilatini ni Acacia mearnsii, una maganda membamba yasiyofikia upana wa sentimita moja, yenye kubana kati ya mbegu na mbegu, hivyo kila mbegu huonekana kama kivimbe. Mukurwe, yaani Albizia gummifera, mti ambao jina lake linajulikana kwa kila aliyesikia habari za Mukurwe wa Nyagathanga, chimbuko la Wakikuyu katika masimulizi yao, una maganda mapana zaidi, bapa na membamba, ya kahawia isiyokolea, nayo hutoka kwa vishada. Vijani vyake si sawa pande zote mbili: uti wa kijani hukatiza kwa mshazari badala ya kupita katikati.

Gome lina kazi gani basi?

Kazi yake kubwa ni kuondoa miti isiyohusika. Gome la mjakaranda mchanga ni laini na la kijivu. Mti unapozeeka, gome huwa la kijivu na kahawia na hupata mipasuko myembamba pamoja na magamba madogo. Maelezo hayo, kwa haki kabisa, yanaweza kuifaa miti mingine mingi ya mjini, na ndiyo maana picha ya shina peke yake haitoshi kuupa mti jina hili. Gome la mkrismasi huwa laini zaidi na la kijivu, lakini tofauti hiyo haionekani vizuri kwenye picha iliyopigwa jua la saa sita.

Mgunga wa gome la manjano, ambao Kilatini huuita Vachellia xanthophloea, ni tofauti. Shina lake lina rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na lina unga mwepesi juu yake. Vitawi vyake vina miiba iliyonyooka, myeupe, inayotoka miwili miwili. Ukiona gome hilo, huna haja ya kuendelea na mjadala wa mjakaranda hata kama majani yanafanana kwa mbali.

Katika barabara za Nairobi gome pia huchafuliwa na mambo mengi: chokaa iliyopakwa sehemu ya chini, mabango yaliyopigiliwa misumari, masizi ya magari, na ukungu wa kijivu unaoota upande wenye unyevu. Piga picha juu ya chokaa, takriban usawa wa kifua, asubuhi au alasiri mwanga ukitokea ubavuni ili mipasuko ipate kivuli. Usitumie taa ya simu, kwa sababu hufuta vivuli hivyo.

Mgrivilea nao una majani kama unyoya. Unatenganishwaje?

Mgrivilea, ambao wengi huuita mukima, hufanana na mjakaranda kwa mbali tu. Jani lake limekatwakatwa kwa kina, lakini sehemu zake ni pana zaidi na hazikutengana kuwa vijani vidogo vingi. Upande wa chini wa jani una rangi ya fedha, na majani hupishana. Tunda lake ni dogo, la sentimita 2 hivi, nalo hubaki na mkia mwembamba. Picha moja ya jani lililogeuzwa humaliza jambo.

Tafadhali nionyesheni mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue picha tatu za mti mmoja ulio kandokando ya Barabara ya Ngong, zilizopigwa mwezi wa Juni, wakati hakuna ua lolote. Aliyezipiga ameandika kwamba anadhani ni mkrismasi.

Picha ya kwanza ni ya shina. Gome ni la kijivu lenye kahawia, lina mipasuko myembamba inayoshuka wima na magamba madogo. Hakuna rangi ya manjano wala miiba. Kwa hiyo tunauondoa mgunga wa gome la manjano, na hatuthibitishi chochote kingine.

Picha ya tatu, ambayo mpigaji ameitegemea zaidi, ni ya ganda refu la kahawia lililolala kwenye njia ya wapita njia. Kando yake ameweka kadi ya pointi za dukani. Kadi za namna hiyo kwa kawaida hulingana na kadi ya benki, yenye urefu wa milimita 86 hivi. Ganda lina urefu wa kadi nne na nusu, yaani karibu sentimita 39. Hilo ni tunda la mkrismasi, na hapa mpigaji hajakosea.

Picha ya pili ni ya kitawi kilichoshuka chini kiasi cha kufikika. Tukikikuza, tunaufuata uti wa jani mpaka kwenye kitawi na kukuta tumba dogo. Upande wa pili wa kifundo kilekile kuna jani jingine. Kifundo kinachofuata nyuma yake kina jani upande mmoja na kovu upande wa pili. Majani haya yanakabiliana. Tukitazama mwisho wa nyuti ndogo tunaona kijani kimoja cha ncha, kirefu na kilichochongoka.

Sasa ushahidi unagongana: kitawi kinasema mjakaranda, ganda linasema mkrismasi. Katika hali hii tunauliza ni ushahidi upi ulioonekana ukiwa umeungana na mti. Kitawi kimeungana nao. Ganda liko chini, na lingeweza kuangushwa na mti wa jirani, kusukumwa na maji ya mvua za Aprili na Mei, au kuachwa hapo na mtoto. Tunamwomba mpigaji arudi na kupiga picha mbili zaidi: moja ya shada la mti huu likiwa dhidi ya anga, na nyingine inayoonyesha miti iliyo pande zote mbili.

Katika picha ya anga tunaona vifuko vya duara, vingine vimepasuka. Katika ile nyingine kunaonekana, ndani ya ua ulio umbali wa mita chache, mti wenye shada pana kama mwavuli na maganda marefu yanayoning'inia. Mti wa barabarani ni mjakaranda, na ganda ni la mkrismasi ulio uani. Bila picha ya shada tungeliandika "huenda ni mjakaranda" na kuishia hapo.

Mti ukiwa hauna majani kabisa nifanye nini?

Mjakaranda hupukutisha majani kabla ya kuchanua, kwa hiyo mnamo Agosti na mwanzoni mwa Septemba unaweza kuukuta mtupu au karibu mtupu. Wakati huo tegemea makovu yaliyokabiliana kwenye vitawi na vifuko vikavu vilivyobaki juu. Vyote viwili vikionekana, jina linaweza kutolewa bila kusubiri ua. Angalia tu usizichukue nyuti za majani zilizobaki baada ya vijani kudondoka ukadhani ni vitawi vyembamba.

Niandike jina kwa kiwango gani cha uhakika?

Andika Jacaranda mimosifolia pale ulipoona majani yanayokabiliana, yaliyogawanyika mara mbili, pamoja na vifuko bapa vya duara mtini. Mti huu asili yake ni Amerika Kusini, na katika kundi lake kuna aina nyingine pia, lakini huu ndio upandwao barabarani. Ukiwa na mpangilio wa majani bila tunda, andika jina ukiongeza neno "inaelekea". Ukiwa na gome pekee, usiandike jina la mti: eleza gome ulivyoliona, taja barabara na mwezi, kisha uache nafasi ya jina wazi mpaka ipatikane picha ya kitawi.

Kwa ufupi, nipige picha zipi?

Kitawi chenye angalau vifundo vitatu, kikionyesha mahali majani yanapoungana nacho. Jani moja zima lililotandazwa, pamoja na rula au kadi. Tunda likiwa mtini, na lingine mkononi ikiwa linapatikana. Shina usawa wa kifua. Na mti wote kutoka ng'ambo ya barabara. Ikiwa kitawi hakifikiki, usikivunje wala usiupande mti kuelekea nyaya za umeme. Vuta picha kwa simu kadiri iwezekanavyo, au tafuta mti mwingine wa mstari huohuo wenye kitawi kilichoshuka, ukihakikisha kwanza kwamba vifuko vya miti hiyo miwili vinafanana, kwa sababu mistari ya zamani ya miti mjini imepandwa upya mara nyingi na haina aina moja tena.